Kisio la Jana, Simu ya Leo

Tuchukue mwanafunzi wa chuo ambaye simu yake ya Android ndiyo kompyuta yake pekee. Jumatatu anaingia kwenye tovuti ya chuo kujisajili kwa masomo ya muhula. Fomu ya usajili ina jedwali pana lisiloenea kwenye kioo cha simu, kwa hiyo anafanya kama wafanyavyo wengi: anafungua menyu ya Chrome, anaweka tiki kwenye "Desktop site", jedwali linakunjuka, anajaza na kutuma. Kabla ya kutoka anapitia ukurasa wa kupakua programu ya masomo. Anaona bando lililobaki halitatosha, anaahirisha.

Ijumaa ameshanunua bando. Anafungua ukurasa uleule kwa simu ileile, na ile tiki ameshaiondoa. Kitufe kikubwa kinamwambia "Pakua kwa Linux". Anabonyeza, bando linaliwa, na faili linaloshuka lina jina linaloishia na .deb. Simu inakataa kulifungua. Anajaribu tena, mambo ni yaleyale. Rafiki yake mwenye simu ya aina hiyohiyo anafungua ukurasa huo huo, na kwake kitufe kinasema "Pakua kwa Android", programu inaingia bila taabu.

Simu ya mwanafunzi ni nzima. Mtandao ni mzima, na faili nalo ni zima kwa kompyuta ya Linux. Kosa limekaa mahali ambapo hawezi kupaona: Jumatatu tovuti ilikisia anatumia kifaa gani, ikaliandika kisio hilo, na Ijumaa ikasoma ilichoandika badala ya kumtazama mgeni upya.

Kifaa kinavyokisiwa

Kila kivinjari kinapoomba ukurasa, hutanguliza mstari wa maneno unaojieleza. Mstari huo huitwa User-Agent, na ndani yake mna mabano yanayotaja kifaa na mfumo endeshi wake. Kwa Chrome kwenye simu ya Android mabano hayo husomeka hivi:

```
(Linux; Android 10; K)
```

Mtu akiweka tiki kwenye "Desktop site", simu ileile hujitambulisha hivi:

```
(X11; Linux x86_64)
```

Chrome haikukosea. Hiyo ndiyo kazi aliyoiomba mtumiaji: kuiambia tovuti kwamba anayekuja ni kompyuta ya mezani, ili tovuti itoe ukurasa mpana. Neno Android linaondoka kabisa, na tovuti inayotafuta jina la mfumo inabaki na Linux peke yake.

Tazama pia kwamba neno Linux limo katika mistari yote miwili, kwa kuwa Android imejengwa juu ya kiini cha Linux. Tovuti inayotafuta neno Linux kabla ya kutafuta Android itakosea kwa kila simu ya Android inayotumia Chrome, si kwa yule mwanafunzi tu. Na ile "Android 10, K" isichukuliwe kuwa habari ya simu yenyewe. Tangu 2023 Chrome imekuwa ikituma maneno hayohayo kwa simu zote, iwe ina Android 10 au 14, iwe ya kampuni hii au ile. Kivinjari kilipunguza maelezo makusudi ili watu wasifuatiliwe kwa alama za vifaa vyao.

Kwa hiyo tovuti haijui mgeni ametumia kifaa gani. Inasoma dalili chache, ambazo baadhi yake zimegandishwa na nyingine mgeni mwenyewe amezibadilisha, kisha inakisia. Mara nyingi inapatia. Lakini neno la kulishika hapa ni kukisia, kwa sababu shida yote inaanza pale kisio linapoandikwa mahali na kuanza kusomwa kama jambo lililothibitishwa.

Kwa nini liandikwe?

Mazungumzo kati ya kivinjari na seva hayana kumbukumbu. Kila ombi hufika kama la mgeni asiyejulikana. Ndiyo maana mwaka 1994 Lou Montulli, aliyekuwa akifanya kazi Netscape, alibuni vidakuzi: maneno machache ambayo seva humpa mgeni ayatunze na kuyarudisha kila anapokuja. Baadaye vivinjari vikaongeza ghala jingine liitwalo localStorage, ambalo ukurasa wenyewe unaweza kuandika na kusoma bila kuituma seva chochote.

Mwandishi wa tovuti ana sababu mbili za haki za kutaka kukumbuka mfumo wa mgeni. Ya kwanza ni kwamba ukurasa hutokea kwanza, na hesabu ya kukisia hufuata nyuma yake. Bila kumbukumbu, mgeni huona maelekezo ya Windows kwa nukta moja kisha yakageuka ghafla kuwa ya Android. Ya pili ina uzito zaidi. Mgeni aliyekisiwa vibaya na akajirekebishia mwenyewe hapaswi kujirekebisha tena kila siku. Aliyebonyeza "Ninatumia Mac" leo asiulizwe kesho.

Shida ni kwamba sababu hizi mbili zinahusu vitu viwili tofauti, na waandishi wengi huvitia kwenye chungu kimoja. Msimbo unaoonekana mara kwa mara huwa hivi:

```js
let mfumo = localStorage.getItem("mfumo");
if (!mfumo) {
  mfumo = kisia(navigator.userAgent);
  localStorage.setItem("mfumo", mfumo);
}
```

Maana yake ni hii: angalia kama kuna jibu lililotunzwa, kama halipo, kisia, halafu litunze. Ni mistari mitano safi, na siku ya majaribio hufanya kazi vizuri kabisa. Lakini soma tena uone lini kisio linafanywa upya. Halifanywi tena maishani. Likishaandikwa, kile kipengele cha kukisia hakifikiwi tena, hata dalili zibadilike vipi. Na neno lililoandikwa, "linux", halina alama yoyote ya kuonyesha kama ni mashine iliyokisia au ni mtu aliyesema.

Hilo ndilo lililompata mwanafunzi wetu. Jumatatu kisio lilikuwa halali kwa dalili za Jumatatu. Ijumaa dalili zimesema Android waziwazi, ila hakuna aliyezisikiliza. Rafiki yake alifika mara ya kwanza bila chochote ghalani, ndiyo maana alikisiwa upya na akapata faili sahihi.

Njia tatu za kisio kuchakaa

Njia ya kwanza tumeiona: kifaa ni kilekile, lakini namna kinavyojitambulisha imebadilika. Tiki ya "Desktop site" ni mfano wa papo kwa papo. Mfano wa polepole ni tovuti inayotunza toleo la mfumo badala ya jina lake. Kompyuta iliyokuwa na Windows 10 ikapandishwa hadi Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inabaki na kivinjari kilekile na ghala lilelile. Kilichoandikwa "Windows 10" kinabaki pale, na mwenye kompyuta anapewa maelekezo ya kufungua menyu ambazo hazipo tena zilipokuwa. Hata kukisia upya kwa User-Agent hakusaidii hapo, kwa kuwa Windows 11 nayo hujitambulisha kwa Windows NT 10.0. Dawa ni kutokisia zaidi ya mahitaji. Kama faili la kupakua ni moja kwa matoleo yote mawili, inatosha kuandika Windows na kuishia hapo.

Njia ya pili: kisio linamfuata mtu badala ya kifaa. Tovuti yenye akaunti huona ni busara kutunza mapendeleo yote kwenye akaunti, ili mteja ayakute popote aingiapo. Kwa lugha, busara hiyo ni ya kweli. Anayesoma Kiswahili kazini anasoma Kiswahili nyumbani. Mfumo endeshi ni habari nyingine. Mtu anafungua akaunti kwenye kompyuta ya ofisi yenye Windows, jioni anaingia kwa simu akiwa kwenye daladala, na tovuti inampa faili la .exe kwa sababu akaunti "inajua" yeye ni mtu wa Windows. Hakuna mtu wa Windows; kuna kompyuta ya Windows, na imebaki ofisini.

Kuna pia hali inayofanana na hiyo kwa upande wa pili, nayo ni ya kompyuta inayotumiwa na wengi, kama zile za maktaba na za intaneti kafe. Pale kisio la mashine linabaki sahihi hata wateja wakibadilika mia, kwa kuwa kompyuta haijabadilika. Kinachopotosha ni chaguo la mtu. Mteja mmoja anachagua "Android" kwa sababu anataka kupakua programu kwa intaneti ya pale na kuihamishia kwenye simu yake kwa waya. Chaguo lake linatunzwa, na mteja anayekaa baada yake anapewa faili la simu kwenye kompyuta. Kwa hiyo hata neno la mtu linaweza kuwa la safari ile moja tu.

Njia ya tatu ni ngumu kuigundua: kumbukumbu inahamia kwenye kifaa kipya. Apple ilipoanza kuuza kompyuta zenye vichakata vyake yenyewe, Novemba 2020, programu nyingi zilianza kutolewa kwa mafaili mawili, moja la Mac za Intel na jingine la Mac mpya. Mwenye Mac ya Intel akinunua mpya, huhamisha mafaili yake yote kwa programu ya Migration Assistant, na data za vivinjari huhama pamoja nayo. Kisio "intel" lililoandikwa kwenye mashine ya zamani linaamkia kwenye mashine isiyo ya Intel. Na dalili hazilipingi, maana Safari na Chrome kwenye Mac mpya bado hutaja "Intel Mac OS X" kwenye User-Agent. Hapa kilichotunzwa kimekosea, na kukisia upya kwa mstari ule kutakosea vilevile. Njia ya kweli ni kuwaonyesha wenye Mac mafaili yote mawili na kuwaeleza namna ya kuangalia kichakata chao: menyu ya tufaha, kisha About This Mac.

Siku kumbukumbu ya zamani ilipokuwa sahihi

Mtu anaweza kuhitimisha kwamba kilichotunzwa ni kibaya na kipya ni kizuri. Habari ya iPad inakataza haraka hiyo.

Hadi mwaka 2019, Safari kwenye iPad ilijitaja kwa jina; mabano yake yalianza na neno iPad. Septemba mwaka huo ikatoka iPadOS 13, na Apple ikaamua kwamba iPad nyingi zipewe kurasa za kompyuta bila mtumiaji kuomba. Kuanzia hapo mabano yakaanza na neno Macintosh, sawa na ya kompyuta ya Mac. Usiku mmoja wa kupandisha toleo ulitosha: kishikwambi kilekile, mikononi mwa mtu yuleyule, asubuhi kikawa kinajiita kompyuta.

Sasa fikiria tovuti iliyokuwa imeandika "ipad" Agosti 2019. Oktoba, kisio hilo la zamani lilikuwa sahihi, na kisio jipya lingesema Mac na kumpa mgeni faili la .dmg lisilo na kazi kwenye iPad. Safari hii hakikuchakaa kilichoandikwa ghalani. Kilichochakaa ni kanuni ya kukisia yenyewe, ile dhana kwamba neno Macintosh maana yake ni kompyuta.

Waandishi wa tovuti walipata njia ya kutofautisha. Kivinjari hutoa idadi ya vidole ambavyo kioo kinaweza kuvihisi kwa pamoja, kwa jina `navigator.maxTouchPoints`. Mac isiyo na kioo cha kugusa hujibu 0, na iPad hujibu 5. Kwa hiyo mgeni anayejiita Macintosh na kujibu zaidi ya 1 huchukuliwa kuwa ni iPad. Ni hila nzuri, lakini inasimama juu ya umbo la vifaa vya leo. Ikitoka Mac yenye kioo cha kugusa, nayo itaitwa iPad na tovuti zote zinazotegemea hila hiyo.

Safari ilileta jambo jingine mwaka 2020. Ilianza kufuta vitu ambavyo kurasa zimejiandikia ghalani, ikiwa mtu ametumia Safari siku 7 bila kuigusa tovuti husika. Chrome haina kanuni hiyo kwa localStorage. Humo kilichoandikwa hukaa hadi mtu akifute, au simu ikose nafasi. Vidakuzi ndivyo Chrome ilivyoviwekea ukomo wa siku 400, kuanzia 2022, ila tovuti inayokiandika upya kidakuzi kila mgeni anapokuja husogeza ukomo huo mbele daima. Matokeo yake ni kwamba msimbo uleule wa mistari mitano husahau ndani ya wiki kwa mwenye iPhone asiyerudi, na hukumbuka miaka kwa mwenye Android. Mwandishi anayejaribu kazi yake kwa Safari pekee anaweza asilione kosa ambalo wasomaji wake wa Android wanaishi nalo.

Tunza alichosema mtu

Haya yote yanaelekea kwenye kanuni moja ambayo ningependa kila mwenye tovuti aishike: tunza kile mtu alichokuambia, na kile ulichokisia kikisie upya kila anapokuja. Kukisia ni kusoma mstari mmoja wa maneno. Kazi hiyo huisha kabla jicho halijapepesa. Hakuna faida ya kuweka akiba kitu kinachopatikana bure kila asubuhi. Neno la mtu halipatikani bure. Alilitafuta, akalibonyeza, na akilazimika kulirudia ataona tovuti haimsikilizi.

Kwa msimbo, badiliko ni dogo kuliko kosa lenyewe:

```js
const chaguo = localStorage.getItem("chaguo");
const mfumo = chaguo || kisia(navigator.userAgent);
```

Hapa hakuna kisio linaloandikwa popote. Ghala la "chaguo" huandikwa mahali pamoja tu, pale mtu anapobonyeza jina la mfumo wake. Mwanafunzi wetu angekuja Jumatatu akakisiwa Linux, akaondoka bila kubonyeza, na ghala lingebaki tupu. Ijumaa angekisiwa Android.

Tumeona kwamba hata chaguo la mtu huchakaa, kwa hiyo litunzwe pamoja na dalili za siku lilipofanywa. Aliyechagua "Windows" siku kivinjari chake kilipojitaja Windows, akaja leo na dalili za Android, chaguo lake liwekwe kando na aulizwe upya. Kwa tovuti yenye akaunti, chaguo hilo likae kwenye kivinjari, si kwenye akaunti. Bado yule mteja wa intaneti kafe hatakingwa na hili, kwa kuwa dalili za kompyuta hazijabadilika. Anayemkinga ni ukurasa unaosema wazi unachodhani. Chini ya kitufe paandikwe "Inaonekana unatumia Android. Kama sivyo, chagua hapa", na mifumo yote iorodheshwe palepale, isifichwe kwenye menyu. Ukurasa ulioficha mafaili mengine kwa sababu una uhakika na kisio lake humfungia nje mtu aliyekisiwa vibaya.

Ukikuta faili lisilo lako

Kwa msomaji asiyeandika tovuti, kuna jaribio fupi la kujua kosa limelala wapi. Kabla ya kubonyeza kitufe chochote cha kupakua, soma jina la mfumo lililoandikwa juu yake au mwisho wa jina la faili: .apk ni la Android, .exe ni la Windows, .dmg ni la Mac, .deb ni la baadhi ya Linux. Likiwa si lako, fungua ukurasa huohuo kwenye dirisha fiche, lile ambalo kivinjari hukiita Incognito, bila kuingia kwenye akaunti. Dirisha hilo huanza na ghala tupu.

Kama huko jina linakuja sahihi, basi kwenye dirisha la kawaida unasomewa kisio la zamani. Futa data za tovuti hiyo moja kwenye mipangilio ya kivinjari, na usifute data za tovuti zote, maana utajitoa kwenye akaunti zako zote bila sababu. Kama tatizo linarudi mara tu unapoingia kwenye akaunti, kisio limeandikwa kwenye seva, na njia iliyobaki ni kutafuta sehemu ya mapendeleo au kuwaandikia wenye tovuti. Na kama hata dirisha fiche linakosea, hakuna kilichotunzwa cha kulaumu: angalia kwanza kama "Desktop site" haijawashwa, na kama unatumia iPad, tambua kwamba tovuti hiyo huenda bado inasoma Macintosh kwa maana ya kabla ya Septemba 2019. Waambie hivyo unapowaandikia. Kwa anayejua kazi yake, sentensi hiyo moja inatosha kumpeleka kwenye mstari wa kurekebisha.